Nimemaliza mazoezi ya hotuba ya kumtambulisha mgeni rasmi, niikague vipi?

Rehema_Moro: Habari zenu wakuu. Jumamosi namtambulisha mgeni rasmi kwenye mahafali ya kidato cha nne. Ni mtaalamu wa udongo, alisoma shuleni kwetu. Jana nilifanya mazoezi nikajirekodi kwa simu: dakika 3 na sekunde 40. Mshereheshaji amenipa dakika mbili. Naogopa kukata hovyo. Nianze kuangalia nini?

Kijana wa Mtoni: Dakika moja inatosha, dada. Kata elimu yote, taja jina, kaa.

Mama Neema: Hongera mwanangu. Utambulisho wa mdogo wangu ukweni, mshenga aliongea mpaka chakula kikapoa. Usisahau kuwataja wajomba.

Rehema_Moro: Asante mama, ila huu ni wa mgeni rasmi shuleni, si posa 🙏

Mwl. Mstaafu: Rehema, anza na ukweli, maana usipotoshe jambo hata kwa hotuba fupi. Wasifu uliopewa ni wa lini? Mara nyingi watu hutumiwa wa zamani, mgeni anaitwa mhadhiri mwandamizi kumbe ameshakuwa profesa. Mpigie, msomee jina lake na cheo chake, asikie unavyotamka.

Kisha mpe rekodi mtu asiyejua lolote kuhusu mgeni, aisikilize mara moja tu. Muulize: ni nani, kwa nini ameitwa hapa, atazungumzia nini? Asichoweza kujibu hakieleweki. Asichokumbuka kabisa ndicho cha kukata, hapo ndipo dakika zako zitapungua. Usiharakishe kusoma ili uwahi muda. Tuwekee sentensi moja hapa.

Rehema_Moro: "Mgeni wetu ni mbobezi mwenye uzoefu mpana katika nyanja ya usimamizi endelevu wa rasilimali ardhi."

Mwl. Mstaafu: Hiyo ingemfaa yeyote wa fani yake. Amewahi kuwafanyia nini wazazi watakaokaa pale?

Rehema_Moro: Alikuja kupima udongo wa shamba la shule, akatueleza kwa nini mahindi yalikuwa ya manjano.

Mwl. Mstaafu: Basi sema hivyohivyo. Ukarimu uko hapo, kuliko "mpendwa" na "mahiri" kumi. Ila muulize mgeni kama anaridhia jambo hilo litajwe. Rekodi tena ukiwa umesimama, na uache nafasi ya makofi.

Kijana wa Mtoni: Na jina liwe mwishoni, watu wapige makofi anapoinuka.

Mwl. Mstaafu: Mimi hulitaja mwanzoni na mwishoni. Ukilificha, wa nyuma wanaanza kuulizana ni nani, hawasikii tena.

Kijana wa Mtoni: Lakini lipo kwenye ratiba iliyochapwa, mwalimu. Nani atauliza?

Rehema_Moro: Ratiba zimechapwa za meza kuu tu. Nitajaribu njia zote mbili leo jioni mbele ya mpishi wa shule, ambaye hamjui mgeni kabisa.