Mtoto kakatwa alama 7 eti mstari wake haukuanzia sifuri!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Binti wa dada yangu, anasoma hapa Mwanza, alipewa zoezi la kupima samaki, kuchora mstari na kueleza nukta, akaenda mwaloni Igombe akapima sato 6. Urefu wao sentimita 20, 22, 24, 26, 28 na 30. Uzito gramu 160, 210, 280, 350, 440 na 540. Akaweka nukta kwenye karatasi ya grafu, akatafuta wastani wa urefu (25) na wa uzito (330), kisha akachora mstari kwa mkono upite hapo, ukae katikati ya nukta. Mwinuko ukatoka gramu 38 kwa kila sentimita.

Mwalimu kakata kwa wino mwekundu: "Samaki asiye na urefu hana uzito. Mstari uanzie sifuri." Alama 3 kati ya 10!

Haya, chukueni rula mchore huo wa mwalimu. Anzeni sifuri, mpite kwenye wastani. Sato wa sentimita 20 anapewa gramu 264, na mizani ilisema 160. Wa sentimita 30 anapewa 396, na alikuwa na 540. Nukta zote za mwanzo ziko chini ya mstari, za mwisho zote juu. Mtoto aliandika: "Korilesheni ni chanya na ina nguvu, ila mstari huu ni wa sentimita 20 hadi 30 tu." Na hilo nalo kalifuta!

Baharia wa Ziwa: Mkuu, mwalimu ana hoja. Shusha mstari wa binti, unagusa sifuri kwenye sentimita 16 na kidogo. Sato wa sentimita 15 ana uzito hasi?

Mwenye uzi: Ndiyo maana kaandika 20 hadi 30! Soma, ndugu yangu.

Mama Sato: Mizani ya mwaloni mnaiamini? Mimi inanipunja gramu 50 kila kilo. Hapo hakuna korilesheni, ni wizi.

Fundi Takwimu: Mama, ikipunja kila samaki kwa uwiano uleule, mwinuko unashuka lakini korilesheni inabaki palepale. Mwenye uzi, mstari wa binti ni mzuri, ila tazama nukta zenyewe. Mbili za pembeni ziko juu ya mstari, nne za katikati ziko chini. Huo ni mkunjo. Uzito wa samaki hufuata kwa karibu kipeo cha tatu cha urefu, kwa hiyo sifuri ya mwalimu ni ya kweli, ila haifikiwi kwa rula. Mimi ningempa 8, nimkate 2 kwa kutouona mkunjo.

Mwenye uzi: Hizo 2 sikubali, mkunjo hawajafundishwa.

Fundi Takwimu: Kuuona hakuhitaji kufundishwa, mkuu. Aliulizwa aeleze nukta.

Baharia wa Ziwa: Na samaki 6 wanatosha kweli?

Mwenye uzi: Kesho saa 2 asubuhi niko mlangoni kwa mwalimu wa taaluma na karatasi hii mkononi.