Hisa inauzwa 2,000, gawio 160: hesabu yangu imekaa sawa?

Binti_Kirumba: Habari za jioni wana jamvi. Nipo Mwanza, nina akiba ya mauzo ya dagaa nataka kuiweka kwenye hisa za kampuni moja pale soko la hisa la Dar es Salaam, DSE. Haijawahi kuruka gawio. Miaka 5 iliyopita lilikuwa sh 120 kwa hisa, mwaka huu 160, yaani limekua kama asilimia 6 kwa mwaka. Mimi nataka faida ya asilimia 14: hatifungani ya serikali ninayoilinganisha nayo inatoa 12, nikaongeza 2 kwa sababu gawio halina dhamana. Nikachukua gawio la mwakani, D1, nikaligawa kwa faida ninayotaka, r, ukitoa ukuaji wa gawio, g, nipate bei ya haki, P:

```
P = D1 / (r - g)
169.6 / (0.14 - 0.06) = 2,120
```

Sokoni ni 2,000. Ninunue?

Kaka_Igoma: Nunua dada, umepewa punguzo la 120. Tena ukuaji ukifika asilimia 8, hisa hiyo ni 2,880!

MzeeWaNyegezi: Kaka, hiyo 2,880 ndiyo inayonitisha. Umeongeza asilimia 2 tu, thamani imepanda kwa zaidi ya theluthi. Kinachoamua hapa ni pengo kati ya r na g. Likiwa dogo, kosa dogo la g linakuwa kosa kubwa la bei.

Binti, fungua hesabu za kampuni, uangalie faida kwa kila hisa. Ilikuwa ngapi miaka ile, na sasa ni ngapi?

Binti_Kirumba: Shikamoo mzee. Ilikuwa 170, sasa 200.

MzeeWaNyegezi: Marahaba. Basi faida imekua kwa asilimia 3 na kidogo tu kwa mwaka. Gawio limeipita kwa sababu zamani walikuwa wanagawa kama 70 katika kila 100 ya faida, leo wanagawa 80. Hilo lina ukomo, hawawezi kufika 120. Wanabakiza 20, kama mtaji wao unazalisha asilimia 20, ukuaji unaojitegemea ni 0.2 mara 20, yaani 4. Rudia sasa:

```
166.4 / (0.14 - 0.04) = 1,664
```

Kwa 2,000 unapata gawio la asilimia 8.3 na ukuaji wa 4, jumla 12.3. Hapo bado hujakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye gawio.

Mvuvi_Igombe: Mimi SACCOS yetu hunipa asilimia 10 ya hisa zangu kila mwaka. Nayo ina thamani kubwa kuliko niliyoweka?

MzeeWaNyegezi: Hapana ndugu yangu. Kwa kawaida ukitoka hupati zaidi ya kiasi kilekile ulichoweka, na hisa zile haziuzwi sokoni.

Kaka_Igoma: Lakini mzee, je, kampuni ikipata soko jipya Kongo? Faida ya jana haisemi ya kesho.

MzeeWaNyegezi: Inawezekana. Ila kanuni hii inachukua g ya milele, si ya miaka 3 ya neema. Miaka hiyo ihesabu pembeni, gawio moja moja, ndipo urudi kwenye 4.

Binti_Kirumba: Asanteni. Nitamwachia dalali oda ya 1,650. Ile 2 ya hatari bado inanisumbua. Mwenzenu mnaongeza ngapi?