Nyekundu nane mfululizo: ubao wa rangi zilizopita ubaki au uondolewe?

Kijana wa Tudor anauliza: Pembeni ya meza ya ruleti huwa kuna ubao wa taa unaoonyesha rangi na nambari zilizotoka karibuni. Mimi naona ni haki ya mchezaji kuuona. Nyekundu ikishatoka mara nane mfululizo, nyeusi si iko karibu? Na kama haiko karibu, ubao umewekwa wa nini? Ubaki, au serikali iamuru uondolewe?

Mwalimu wa Likoni: Uondolewe, na nitakwambia kwa nini.

Gurudumu la ruleti lenye sifuri moja lina vishimo 37 ambamo mpira hutua: vyekundu 18, vyeusi 18, na kimoja cha kijani, ndicho sifuri. Kabla halijazungushwa hata mara moja, jiulize lipi ni gumu zaidi kutokea: nyekundu tisa mfululizo, au nyekundu nane kisha nyeusi? Wengi watajibu nyekundu tisa. Ukweli ni kwamba yote mawili yana nafasi sawasawa, maana yanatofautiana mwisho tu, na hapo mwisho ni vishimo 18 kwa 18. Nyekundu nane kisha nyeusi ni adimu kama nyekundu tisa, ila haitushtui kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa tukiingojea. Anayeweka dau baada ya ile ya nane, sehemu iliyokuwa adimu imekwisha kupita. Amebakiwa na mzunguko mmoja, na mzunguko huo ni 18 kati ya 37 kwa nyeusi, kama ulivyokuwa alipoingia mlangoni.

Tena nane zenyewe si ajabu kubwa. Meza ikizungusha mara 300 kwa usiku, mfululizo wa rangi moja unaofika nane au kuzidi hutokea kwa wastani karibu mara moja kila usiku. Kwa hiyo usiku mwingi ubao utampa mtu fulani sababu ya kuamini kwamba ameona jambo.

Fundi wa Changamwe: Mwalimu, kwa heshima yako, hapo sikubali. Twaa sarafu ya shilingi ishirini, upande mmoja ndovu, upande wa pili ngao ya taifa. Ukirusha mara nyingi sana, ndovu na ngao hukaribia nusu kwa nusu. Hilo wanahisabati wenyewe ndio waliotufundisha. Sasa ndovu akitangulia mara kumi, ngao zisipokuja kwa wingi zaidi ili kumfikia, hiyo nusu kwa nusu itatoka wapi? Lazima kuna kusawazisha. Pengine si mzunguko wa tisa, lakini kupo.

Mwalimu wa Likoni: Fundi, nusu ya kwanza ya maneno yako ni kweli tupu, ndiyo maana kosa lililo kwenye nusu ya pili linawanasa hata watu makini. Hebu tuihesabu hiyohiyo ya kwako.

Ndovu kumi wametangulia. Sasa rusha mara 1,000 zaidi, na tuchukulie kwamba sarafu haikulipiza chochote: ndovu 500, ngao 500. Jumla una ndovu 510 katika 1,010, yaani asilimia 50.5. Endelea mpaka ufikishe 100,000 baada ya zile kumi za mwanzo, nusu kwa nusu vilevile. Ndovu watakuwa 50,010 katika 100,010, na hiyo ni asilimia 50 na chembe isiyoonekana. Umepata nusu kwa nusu yako, na ngao hazikufidia hata moja. Ndovu bado wako mbele kwa kumi zilezile. Ni kama kijiko cha chumvi kilichomwagwa kwenye pipa la maji: hakuna aliyekitoa, kimezidiwa tu.

Katika kurusha kwa kweli, pengo la idadi kwa kawaida hata hukua kadiri unavyoendelea, huku asilimia ikizidi kukaribia nusu. Mambo hayo mawili huenda pamoja bila kugombana. Mchezaji husikia habari ya asilimia, akadhani ameahidiwa kwamba pengo litazibwa.

Mama wa Kongowea: Mimi nasoma hapa mambo ya ndovu na ngao, lakini mbona hamzungumzii mashine za kamari zinazotuharibia vijana mtaani? Ndugu yangu mdogo haendi kasino ya watalii. Yeye husimama nyuma ya mtu anayecheza, ananyamaza, anahesabu. Yule akiishiwa akaondoka, yeye huwahi kukaa pale pale. Asema mashine imekula mchana kutwa, imeshiba, sasa lazima itapike. Mshahara wa kibarua waishia humo. Kamari ni haramu, hilo nimemwambia. Lakini yeye hanijibu kwa dini, anijibu kwa hesabu, na hesabu yenyewe sina. Hizo mashine zitaondolewa lini?

Dila mstaafu wa Nyali: Mama, pole. Mimi nilikuwa mwendesha meza kasino. Aliyeuliza ameulizia ubao wa ruleti, lakini la kwako ni zito, acha nilijibu kwanza.

Mashine ya kisasa iliyotengenezwa kwa utaratibu haijazi tumbo. Ndani yake mna programu inayozalisha nambari bila kusimama, hata kama hakuna mtu mbele yake. Kidole kikigusa kitufe, nambari ya sekunde ile ndiyo inayoamua, na picha zinazozunguka baadaye ni maonyesho tu. Ikisemwa kwamba mashine hurudisha asilimia 90, huo ni wastani wa mizunguko mingi mno. Haina maana kwamba aliyeondoka ameacha akiba ambayo atakayekaa ataichukua. Hasara yake imekwisha kuingizwa kwa mwenye mashine.

Nisimfanye ndugu yako mjinga, lakini. Uingereza zipo mashine, hasa za kwenye baa, zilizoundwa zijirekebishe: zikiwa zimelipa kidogo, nafasi ya kulipa hupanda kidogo, na kinyume chake. Kwa hizo, habari ya kushiba ina ukweli fulani, ingawa hata nazo kwa jumla humfaidi mwenye mashine. Na mashine iliyoletwa kwa mlango wa nyuma, isiyokaguliwa na mtu, hakuna anayejua ndani imepangwa vipi ila aliyeiweka. Hapo kusimama nyuma na kuhesabu hakusaidii kitu.

Mchezaji wa Makande: Mimi nacheza mpira wa kikapu. Mnachosema juu ya gurudumu nakikubali. Lakini watu wa hesabu hawaishii hapo. Wakaja mpaka uwanjani kutuambia kwamba hata mkono uliowaka haupo! Mwaka 1985 Gilovich, Vallone na Tversky walichambua mitupo ya timu ya Philadelphia 76ers, wakasema mchezaji aliyefunga mitupo kadhaa hana nafasi kubwa zaidi kwenye unaofuata. Mimi nimeshaona mtu akiwaka, na mabeki wote wakamkimbilia yeye. Sote tulikuwa tukiota?

Mwalimu wa Likoni: Una haki ya kulalamika. Mwaka 2018 Miller na Sanjurjo walichapisha hesabu inayoonyesha kwamba njia iliyotumika 1985 ilikuwa na upogo ndani yake.

Rudi kwa sarafu, rusha mara tatu. Kuna mipangilio minane. Katika kila mpangilio, tazama mrusho unaokuja baada ya ndovu, uandike ni sehemu gani iliyokuwa ndovu tena. Miwili haihesabiki, kwa kuwa ndovu hakutokea kabla ya mrusho wa mwisho. Ndovu-ndovu-ndovu inakupa moja kamili. Ngao-ndovu-ndovu, moja kamili. Ndovu-ndovu-ngao, nusu. Mitatu iliyobaki, sifuri. Jumla ni mbili na nusu. Gawa kwa sita upate kama asilimia 42. Sarafu safi kabisa, na bado wastani umeshuka chini ya nusu! Kwa hiyo mchezaji aliyeonekana yuko nusu kwa nusu baada ya kufunga, kwa kweli alikuwa amepanda kidogo. Amepanda kiasi gani, na kama kocha aweza kulitumia hilo, watafiti wanaendelea kubishana mpaka leo.

Lakini mkono una misuli, una hofu, una kujiamini. Yaweza kuwa mrusho wa pili umetokana na wa kwanza. Gurudumu la ruleti halina njia hiyo.

Dila mstaafu wa Nyali: Na hapo ndipo ninapotaka kulileta nililokuwa nikiliona mezani. Mtu mmoja, usiku mmoja, hushika imani zote mbili. Juu ya rangi husema imezidi, sasa itageuka. Juu yake mwenyewe husema leo nyota yangu imewaka, niongeze dau. Mfululizo wa gurudumu anautarajia ukatike, mfululizo wake yeye anautarajia uendelee, na yote mawili yanatoka kwenye mpira mmoja.

Kinachowamaliza zaidi ni kuongeza maradufu. Anaanza na 100 kwa nyeusi, akikosa 200, kisha 400, 800, 1,600, 3,200, 6,400. Akikosa mara saba amepoteza 12,700, na wakati huo anapigania faida ya 100. Dau la nane ni 12,800, na mara nyingi hapo meza imefika kikomo chake au mfuko umekauka. Kukosa saba mfululizo hutokea kama mara moja katika majaribio 106, kwa sababu kile kishimo cha kijani nacho kinakula. Kwa hiyo hushinda 100 mara nyingi, anasifiwa, kisha siku moja inafagia zote na zaidi. Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo, na watu walipoteza mamilioni ya faranga wakiikimbilia nyekundu.

Hata hivyo ubao mimi nasema ubaki. Ukiuondoa, wataandika kwenye karatasi. Zamani kasino zenyewe ziligawa kadi na kalamu.

Mwalimu wa Likoni: Kwamba ziligawa bure ndiyo hoja yangu. Aliyeandika mwenyewe angalau amechoka kidogo. Ubao unamfanyia kazi hiyo, unamwangazia, na unamwonyesha mizunguko michache tu, ambayo ndiyo yenye mifululizo inayodanganya.

Fundi wa Changamwe: Haya, sarafu nimekuelewa. Lakini gurudumu ni chuma na mbao, mimi ni fundi, najua vitu hulegea. Gurudumu bovu je? Bila ubao nitalijuaje?

Mwalimu wa Likoni: Swali zuri, na magurudumu mabovu yamewahi kuwepo. Gonzalo García-Pelayo alishinda Madrid miaka ya 1990 kwa kutafuta nambari zilizopendelewa, lakini yeye na jamaa zake walirekodi maelfu ya mizunguko ya gurudumu moja. Mizunguko ishirini ya ubaoni haitofautishi ubovu na bahati. Na angalia hili: gurudumu likiwa bovu kweli, mfululizo wa nyekundu ungekuwa dalili ya kuweka nyekundu. Anayekimbilia nyeusi hana sababu kwa gurudumu zima wala kwa gurudumu bovu.

Fundi wa Changamwe: Basi waonyeshe mizunguko ya mwezi mzima, kila kishimo na idadi yake. Hapo hata wewe huna pingamizi.

Kijana wa Tudor: Na juu yake waandike kwamba ukiweka 100 kwa rangi mara 37, kwa wastani unaondoka ukiwa umepungukiwa 100. Huo ubao ningeukubali.

Dila mstaafu wa Nyali: Huo hautawekwa na kasino kwa hiari yake, labda sheria iutaje. Mwalimu, wewe bado unataka uondolewe kabisa?

Mwalimu wa Likoni: Wa mizunguko ishirini, ndiyo. Wa mwezi mzima, nauruhusu, mradi ule wa ishirini usirudi pembeni yake.

Mama wa Kongowea: Na mashine zetu za mtaani, nani atakuja kuzifungua aone ndani?