Huyu wa "ishirini wanatosha" atatuzika kol senta!

Wakuu, nina hasira mpaka masikio yanatoa moshi. Mnamjua: bosi anayesema wahudumu 20 wanatosha pale tunapoomba 25. Kila kol senta inaye. Anakuja mkutanoni na kikokotoo cha simu yake, anakipiga mara mbili, halafu anauliza mbele ya watu wote: "Na hao watano wa ziada wanakuja kunywa chai?"

Chai!

Hesabu yenyewe ni hii. Saa nne hadi nne na nusu zinaingia simu 120. Kila simu inakula sekunde 300, tangu mhudumu anapopokea hadi amalize kuandika maelezo ya mteja kwenye mfumo. Nusu saa ina sekunde 1800.

```
=120*300/1800
```

Jibu ni 20. Hapo ndipo anapofunga daftari kama amegundua dhahabu Geita. Ishirini ni kazi iliyopo, siyo watu wanaotakiwa! Ingekuwa kweli kama wateja wangepanga foleni nyumbani kwao, wapige wanne kila dakika bila kusukumana. Wateja hawapigi hivyo. Dakika moja wanapiga tisa, inayofuata wawili. Wakipiga tisa, foleni inaota. Wakipiga wawili, mhudumu anakaa, na dakika aliyokaa huwezi kuitia kibubu uitumie baadaye. Kwa watu 20 kamili hakuna nafasi ya kuipunguza foleni, inakua tu mpaka simu zipungue zenyewe au wateja wachoke.

Chukua kanuni ya Erlang, yule Mdenmaki wa kampuni ya simu ya Kopenhageni aliyeichapisha mwaka 1917. Ukiweka 22, nusu tu ya wateja ndio wanapokelewa ndani ya sekunde 20. Ukiweka 24, asilimia 77. Ukiweka 25, asilimia 85. Lengo letu ni 80, basi ni 25. Na hao 25 kila mmoja ana dakika 24 za kazi na dakika 6 za kusubiri, tena zimekatika vipande vipande kama makombo. Hiyo ndiyo chai yake! Nani anachemsha chai kwa dakika moja?

Nyundo7: Mkuu punguza presha. Uzi mzima umeandika chai. Au hujanywa?

MamaRosta: Mleta uzi yuko sahihi, ila bado hujamaliza. 25 ni walioketi na hedifoni masikioni. Kuna likizo, wagonjwa, mafunzo, mapumziko. Sisi tunaongeza asilimia 30, kwa hiyo unaandika 33 kwenye rosta.

Mzee wa Zamu: Mama, hapo ndipo wengi wanapoanguka. Ukiandika 33 na asilimia 30 wasiwepo, unabaki na 23. Hao wanakupa asilimia 66 hivi. Haiongezwi, inagawanywa:

```
=ROUNDUP(25/(1-0.3),0)
```

Inatoka 36. Watatu hao ndio wanaokosekana kila siku halafu supavaiza anawalaumu wahudumu kwamba ni wavivu.

MamaRosta: Duh. Asante mzee. Rosta ya mwezi mzima imeshatoka.

Kijana_wa_Tabata: Samahani wakuu, kwani hiyo kampuni inaajiri hao 36? Natuma CV wapi?

Nyundo7: 😂😂 Mwingine amesikia chai.

Bonyeza Sifuri: Mimi mnaniacha. Erlang anadhani mteja anasubiri hadi Kiyama, hakati simu. Wanakata! Kwa hiyo hata 24 wanatosha, msimtishe bosi bure.

Mzee wa Zamu: Wanakata, kweli, na foleni inapungua. Lakini anayekata anapiga tena baada ya dakika tano. Kesho yake wewe unahesabu simu 140 na kusema wateja wameongezeka, kumbe ni walewale. Hesabu namba za wapigaji zisizojirudia kwanza, ndipo tubishane kuhusu 24.

Bonyeza Sifuri: Namba moja inaweza kupiga kwa mambo mawili tofauti. Bado sijakubali.

Mleta uzi: Hamjasikia alivyolisema, lakini. "Wanakuja kunywa chai." Mbele ya wahudumu!

Dada wa Meseji: Afadhali nyie mna simu. Huku kwetu ni WatsApu, mhudumu mmoja anaongea na wateja watatu kwa wakati mmoja, na bosi amegawanya hesabu kwa tatu. Mteja anaandika "subiri nitafute namba ya mita", anarudi baada ya dakika kumi na mbili. Muda huo unauhesabuje?

Mzee wa Zamu: Usigawanye kwa tatu kwanza. Mhudumu akiwa na watatu, kila mazungumzo yanarefuka. Pima urefu wake akiwa na mmoja, kisha akiwa na watatu, uone tofauti.

Dada wa Meseji: Mfumo wetu unahesabu tangu mteja anaandika "mambo" ya kwanza. Kuna mazungumzo yako wazi tangu Ijumaa.

MamaRosta: Hayo yafunge tu dada. Sisi tunafunga baada ya saa 24 za kimya, nyie mnafunga baada ya ngapi?