Pilipili ya kuchoma na nyanya: mafuta, ndimu au siki ili ikae siku 7?

Binti wa Kibokoni
Assalaam aleikum. Kila Ijumaa hutengeneza pilipili ya kulia mishkaki na mihogo. Huchoma nyanya nusu kilo, pilipili mbuzi 8 na punje 5 za kitunguu saumu juu ya makaa, kisha husaga kwa blenda pamoja na chumvi na kutia katika chupa ya jemu ndani ya friji. Wiki iliyopita, siku ya nne, nilipofungua kifuniko kilifoka kama soda, na vipovu vidogo vikapanda kando ya kioo. Nikaimwaga yote. Jirani yangu anasema nifunike kwa mafuta, mama mkwe anasema ndimu, nami nafikiria siki. Lipi litaifikisha siku 7 bila kuua harufu ya moshi?

Mzee wa Makaa
Waaleikum salaam, binti yangu. Mafuta ndiyo dawa. Mimina mafuta yaliyopata moto na kupoa mpaka yafunike pilipili kwa unene wa kidole, na hewa haitaingia tena. Kwetu achari ya embe hukaa miezi kwa njia hiyo. Vilevile, kabla ya kuchoma, zitoboe pilipili kwa ncha ya kisu, kwa sababu zisipotobolewa hupasuka na kukurushia mbegu machoni.

Muuza Viazi Karai
Mimi naona hiyo pilipili imekuwa kali mno, ndiyo maana inafoka. Toa mbegu zote, uongeze nyanya mbili na ukwaju kidogo. Wateja wangu wa jioni huipenda hivyo, ingawa yangu haijawahi kulala, kwani huisha kabla ya saa tatu.

Mpishi wa Nyali
Ndugu yangu, ukali haufokishi chupa. Kilichofoka ni gesi ya vijidudu vinavyokula sukari ya nyanya. Moto wa makaa uliviua vilivyokuwa juu ya ganda, lakini baada ya hapo mchanganyiko ulipita kwenye blenda, kijiko na chupa, kisha pengine ukakaa mezani katika joto letu la Mombasa ukisubiri kupoa.

Mzee wangu, kwa heshima, ushauri wa kutoboa pilipili ni sahihi kabisa, ila kuhusu mafuta sikubaliani nawe. Ni kweli kwamba yanazuia ukungu, kwa kuwa ukungu unahitaji hewa. Hata hivyo, kuna kijidudu kitokacho udongoni, ambacho huja na kitunguu saumu, hustahimili moto, na hustawi hasa pale pasipo hewa; sumu yake hulegeza misuli hata ile ya kupumulia, na chakula chenye sumu hiyo huweza kukosa povu na harufu mbaya. Achari ya embe husalimika kwa uchachu wa embe bichi na wingi wa chumvi, wala si kwa mafuta peke yake. Nyanya zilizoiva zina uchachu wa kadiri tu, na ukizichanganya na pilipili na kitunguu saumu unapungua zaidi.

Kwa hiyo, binti, kwa kipimo chako tumia siki ya asilimia 5, vijiko vikubwa 4. Ukishasaga, rudisha mchanganyiko katika sufuria uchemke taratibu kwa dakika 10 huku ukikoroga, na siki uitie dakika 3 za mwisho. Chupa na kifuniko vichemshwe pembeni. Mimina ikiwa moto, iache ipoe kidogo, na iingie friji kabla ya saa mbili kupita. Teka kwa kijiko kikavu kila mara. Siku 7 utazifikia, lakini usiiweke kabatini kwa kudhani siki imemaliza kazi yote.

Mzee wa Makaa
Nimekuelewa kuhusu kitunguu saumu. Lakini ukiichemsha dakika 10, moshi wote si utapotea?

Mpishi wa Nyali
Hupungua, sikatai. Ndiyo maana mimi huacha maganda meusi ya nyanya mbili bila kuyamenya na kuyasaga pamoja. Wengine husema yanaleta uchungu, na wakati mwingine huwa kweli, hasa yakiwa yamegeuka majivu.

Binti wa Kibokoni
Ahsanteni sana. Ni kweli niliiacha mezani tangu adhuhuri hadi magharibi. Na ndimu je? Halafu umeme ukikatika?

Mpishi wa Nyali
Ndimu ina uchachu wa kutosha, tatizo ni kwamba moja hutoa maji mengi na nyingine imekauka, kwa hiyo pima maji yake kwa vijiko vilevile 4 badala ya kuhesabu ndimu. Umeme ukikatika usifungue friji, nayo itahifadhi baridi kwa takriban saa nne. Ukipita hapo kwa muda mfupi tu, itumie kwenye mchuzi siku hiyo hiyo. Ukiwa umekatika usiku kucha, imwage.

Binti wa Kibokoni
Ijumaa nitatengeneza chupa mbili, moja kwa siki na moja kwa ndimu, maganda meusi katika zote mbili. Mama mkwe ndiye atakayeonja bila kuambiwa ipi ni ipi.