Jaribio la upande mmoja au la pande mbili: je, naweza kushuka kutoka wakulima 200 hadi 156?

MsomiWaSiaya aliandika:

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninajiandaa kwa utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu mbegu ya mahindi inayostahimili kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi; mbegu hiyo ni ile iliyopakwa dawa ya imazapiri, nikiilinganisha na mbegu ambayo wakulima wa huku Siaya hupanda kila msimu. Nusu ya wakulima watapata mbegu mpya na nusu wataendelea na yao, kisha wakati wa mavuno nitapima magunia kwa ekari.

Katika mashamba yenye kayongo ninakadiria wastani wa magunia 8 kwa ekari, na mkengeuko sanifu wa magunia 5, kwa kuwa mashamba yetu hayafanani hata kidogo. Ongezeko la magunia 2 ndilo ninaloliona lina maana kwa mkulima. Nilipoziingiza takwimu hizo katika programu ya R, nikitaka uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti hiyo kwa kiwango cha asilimia 5, nilipata majibu mawili:

```
power.t.test(delta=2, sd=5, power=0.80)
power.t.test(delta=2, sd=5, power=0.80,
             alternative="one.sided")
```

La kwanza, la pande mbili, linalotafuta ongezeko au upungufu, linahitaji wakulima 100 kwa kila kundi. La pili, la upande mmoja, linalotafuta ongezeko tu, linahitaji 78. Tofauti ni wakulima 44 kwa jumla, na kila mkulima ananigharimu takriban shilingi 1,500 za nauli, mbegu na kupima mavuno, kwa hiyo ni shilingi 66,000 ambazo sina. Mimi ninatarajia mbegu mpya iongeze mavuno. Hakuna anayetarajia ipunguze. Msimamizi wangu anasema niandike pande mbili, lakini hakunieleza sababu. Je, nina haki ya kutumia upande mmoja?

Karani_wa_Kakamega alijibu:

Ndugu, ikiwa dhana yako inasema mbegu mpya itazidi, basi dhana hiyo ina mwelekeo, na dhana yenye mwelekeo hupimwa kwa upande mmoja. Tulifundishwa hivyo na sioni utata. Ninashangaa tu kwamba umepata 78, kwa sababu thamani ya p ya upande mmoja ni nusu ya ile ya pande mbili, kwa hiyo nilitarajia sampuli nayo ipungue kwa nusu, yaani wakulima 50 kwa kila kundi. Hebu hakikisha mahesabu yako.

NesiBungoma alijibu:

Mimi sielewi mnapata wapi hizi 78 na 100. Katika utafiti wangu wa matumizi ya vyandarua nilitumia ile fomula ya kawaida na nikapata 384, na kamati iliidhinisha bila swali. Sikuulizwa lolote kuhusu upande. Kwa nini usitumie 384 pia, uwe salama?

MzeeTakwimu_Nakuru alijibu:

Dada Nesi, hiyo 384 inajibu swali jingine. Inapatikana kwa kuzidisha mraba wa 1.96 kwa 0.25 na kugawanya kwa mraba wa 0.05, na kazi yake ni kukadiria asilimia moja, kwa mfano ya watu wanaolala chini ya chandarua, isiyokosea kwa zaidi ya asilimia 5 juu au chini. Hapo hakuna makundi mawili yanayolinganishwa, ndiyo maana hukuulizwa upande. Kijana wetu analinganisha wastani wa makundi mawili, na 384 haijui chochote kuhusu magunia yake 2 wala mkengeuko wake wa 5.

Kwa Karani: thamani ya p hupungua nusu, lakini sampuli haifuati. Idadi ya wakulima inategemea mraba wa jumla ya namba mbili. Ya kwanza inatokana na kiwango cha asilimia 5: ni 1.96 kwa pande mbili na 1.645 kwa upande mmoja. Ya pili inatokana na uwezo wa asilimia 80, nayo ni 0.84 katika hali zote mbili. Jumla ya kwanza ni takriban 2.80, na mraba wake ni takriban 7.85, ya pili ni takriban 2.49, na mraba wake ni takriban 6.18. Unaokoa takriban moja ya tano, basi. Ukitaka uwezo wa asilimia 90, akiba inapungua tena kidogo, kwa sababu ile namba ya pili inapanda hadi 1.28 na kumeza sehemu kubwa zaidi ya hesabu.

Sasa nije kwa swali lenyewe. Unachotarajia si kigezo, kwa kuwa karibu kila mtafiti anatarajia kitu chake kishinde. Jiulize hivi: matokeo yakija kinyume, utafanya nini? Tuchukue mfano wa wakulima 78 kwa kila kundi. Kosa sanifu la tofauti ni takriban gunia 0.80. Tuseme mbegu mpya imetoa magunia 1.9 *pungufu*. Kwa pande mbili thamani ya p ni takriban 0.02, na utaandika kwamba mbegu hii inadhuru mavuno. Kwa upande mmoja ni takriban 0.99, na unalazimika kuandika tu kwamba hukupata ushahidi wa ongezeko, sawasawa na ambavyo ungeandika kama tofauti ingekuwa sifuri. Ukiwa tayari kuandika hivyo na kunyamaza, upande mmoja ni halali. Ukijua moyoni kwamba ungelizungumzia lile pungufu, basi jaribio lako lina pande mbili tangu mwanzo, hata kama fomu inasema vingine.

Mama_Shamba_Vihiga alijibu:

Mimi si mtu wa takwimu, ila mbegu hiyo naifahamu kwa mikono yangu. Kusema kwamba hakuna anayetarajia ipunguze si kweli. Ile dawa iliyopakwa juu ya mbegu huua mbegu nyingine ikizigusa. Tunaambiwa tunawe mikono kabla ya kushika maharagwe, na tusiyapande shimo moja na mahindi hayo. Mwenye haraka akiyachanganya, maharagwe hayaoti. Pia katika shamba lisilo na kayongo nyingi, jirani zangu kadhaa hawakuona faida yoyote kuliko mbegu yao ya kawaida. Mwanangu, ukipima mahindi peke yake na kutazama upande wa faida tu, utamwambia nini huyo aliyekosa maharagwe?

MsomiWaSiaya aliandika:

Asante sana, Mama. Jambo la maharagwe sikuwa nimelipangia kipimo chochote, na sasa nitaliweka. Mzee, hebu nielewe: je, naweza kukusanya data ya wakulima 78 kwa kila kundi, kisha nikitazama matokeo niamue upande upi unafaa?

MzeeTakwimu_Nakuru alijibu:

Hapana, na hapo ndipo wengi huteleza. Kwa wakulima 78 kwa kila kundi, jaribio la upande mmoja linatosheka na tofauti ya takriban magunia 1.3, ilhali la pande mbili linadai takriban magunia 1.6. Tuseme umepata 1.4. Thamani ya p ni 0.04 kwa upande mmoja na 0.08 kwa pande mbili. Kishawishi cha kuandika 0.04 ni kikubwa, lakini mtu anayechagua upande baada ya kuona namba zimeelekea wapi anajiruhusu kukosea mara 10 katika 100 mbegu zinapokuwa sawa, huku akitangaza 5. Dalili yake huonekana kwa urahisi: ripoti ina thamani ya p ya upande mmoja kati ya 0.025 na 0.05, na pendekezo la awali halikutaja upande wowote.

Kuna hatari ya pili. Ukipanga wakulima 156 kwa upande mmoja, kisha mtahini akadai pande mbili, uwezo wako unashuka kutoka asilimia 80 hadi takriban 70, na wakati huo mahindi yameshavunwa, huwezi kuongeza mkulima hata mmoja. Watahini wengine hukubali upande mmoja, lakini kwa kiwango cha asilimia 2.5, na hapo unarudi kwenye 100 kwa kila kundi. Akiba yote imekwisha.

Ningekushauri uitafute akiba mahali pengine. Mkengeuko wako wa magunia 5 unatokana zaidi na tofauti kati ya shamba na shamba: udongo, mbolea, nani anapalilia. Mpe kila mkulima vipande viwili, kimoja mbegu mpya na kimoja yake, uamue kwa kurusha sarafu kipi kipate ipi. Ikiwa mavuno ya vipande vya shamba moja yana uwiano wa 0.6, yaani kwa kiasi hicho yanapanda na kushuka pamoja, mkengeuko wa tofauti ndani ya shamba unashuka hadi takriban 4.47, na wakulima 42 wanatosha kwa pande mbili, kwa uwezo uleule wa asilimia 80.

```
power.t.test(delta=2, sd=4.47, power=0.80,
             type="paired")
```

Karani_wa_Kakamega alijibu:

Nimeielewa hesabu ya mraba. Hata hivyo, sikubali kwamba upande mmoja ufe kabisa. Kama swali ni la taasisi inayoamua kusambaza mbegu au kutoisambaza, basi mbegu iliyo sawa na ya zamani na mbegu iliyo mbaya zaidi zote hupata uamuzi mmoja: haisambazwi. Hapo upande wa pili una faida gani?

MzeeTakwimu_Nakuru alijibu:

Hapo una hoja, na kwa taasisi ya namna hiyo ningeukubali, mradi upande uandikwe katika pendekezo kabla ya kupanda. Lakini tasnifu husomwa na watu wengi, na wengine kati yao wameshapanda mbegu hiyo. Kwao tofauti kati ya kutofaidi na kupoteza si ndogo.

Mama_Shamba_Vihiga alijibu:

Swali langu ni kuhusu hiyo 0.6. Kayongo hukaa viraka viraka. Shamba la nusu ekari linaweza kuwa na kona iliyogeuka zambarau kwa maua yake na kona nyingine safi kabisa. Je, vipande viwili vinafanana kiasi hicho kweli?

MzeeTakwimu_Nakuru alijibu:

Mama umegusa penye udhaifu. Uwiano ukiwa 0.3 badala ya 0.6, wakulima wanaohitajika wanapanda kutoka 42 hadi takriban 71. Vipande vikikaa bega kwa bega uwiano huwa mkubwa zaidi, lakini namba yenyewe ni lazima itoke shambani. Kama kuna mtu mwenye data ya vipande viwili vya shamba moja huku magharibi, hata ya msimu mmoja, amsaidie kijana.

MsomiWaSiaya aliandika:

Nitaandika pande mbili, vipande viwili kwa kila mkulima, na nitaweka kipimo cha maharagwe. Kwa sasa ninapanga wakulima 71, nikiongeza kidogo kwa ajili ya wale watakaovunja mahindi mabichi ya kuchoma kabla sijafika na mizani. Hata kwa vipande viwili kila mmoja ni nafuu kuliko 156, kwa kuwa nauli ni ile ile. Msimamizi nitamwona Jumatatu. Mwenye data ya vipande viwili, hata kutoka Busia au Homa Bay, tafadhali aniandikie hapa hapa kabla ya hapo.