Voisi za upepo na ukimya: hivi mnatakaje?

Wakuu, nimechoka. Mtu anakutumia voisi ya sekunde 41. Unaacha shughuli zako, unabonyeza. Vvvvvv! Upepo mwanzo mwisho, katikati kama mtu anapekua mfuko wa nailoni. Ukimwambia haisikiki anakuja juu: "Mbona nimeongea vizuri tu?" Basi masikio yangu ndiyo mabovu. Na hawa wa sekunde 2 za ukimya ndiyo kabisa: kashika kitufe, kashtuka, kaachia, imeenda. Kuifuta hataki, kusema "samahani, imejituma" hataki. Mimi kuanzia leo sifungui. Nani anabisha?

Fundi Simu: Hasira ni haki yako mkuu, ila usizitie zote kapu moja. Kabla ya kubonyeza, tazama ule mchoro wa sauti. Ukiwa umelala kama vinukta tupu, hakuna kilichoingia. Ukijaa juu muda wote, mara nyingi ni upepo au msuguano wa nguo. Mtu akiongea mchoro unapanda na kushuka, na kuna mapengo anapovuta pumzi.

Sasa huyo anayeapa ameongea, muulize kama ana hedifoni za blutuuthi. Simu nyingine zikishaunganishwa nazo hurekodi kwa maiki ya hedifoni, na hedifoni ziko mkobani! Anaongea na simu, kinachorekodiwa ni mkoba. Azime blutuuthi, arudie. Tena asukume kitufe juu kijifunge, akimaliza asimamishe, ajisikilize, ndipo atume.

Nyenyere: Maneno mengi. Ni mtandao tu, bando likiwa dhaifu sauti inapotea.

Fundi Simu: Hiyo ni kwa kupigiana, huko sauti inakatika kweli. Voisi hurekodiwa kwanza ndipo itumwe. Mtandao mbovu utaichelewesha, hautaigeuza upepo.

Mama Wawili: Mimi zote sizisikii, hata za mume wangu. Nikiweka simu sikioni inakuwa kwa mbali mno.

Fundi Simu: Dada, yako ni nyingine. Simu ikigusa sikio, sauti inahamia spika ndogo ya juu. Iweke mbali na uso. Ikisikika vizuri, angalia hiyo ya juu, huenda imejaa uchafu.

Kisima: Mleta uzi, kutofungua sikubali. Mtu asiye na mazoea ya voisi akikutumia ukimya usiku wa manane, unapiga simu hapo hapo. Huwezi jua yuko kwenye hali gani.

Mleta uzi: Kisima, hapo umenishika. Huyo nitampigia. Lakini yule wa kundi la kazini anayerekodi akiwa juu ya pikipiki kila asubuhi?

Kisima: Mwandikie "haisikiki, andika" mara moja tu, kisha endelea na kazi.

Nyenyere: Na kama ndiye bosi?